Umri wa ulimwengu unavyosomwa kwenye mwanga uliovutika

"Wanasema ulimwengu una miaka bilioni 13.8. Hakuna aliyekuwepo, sasa wamejuaje?"

Kazi inaanzia kwenye mstari mmoja mwekundu. Gesi ya haidrojeni ikipata joto hutoa mwanga wa rangi maalumu, na mmojawapo una urefu wa wimbi wa nanomita 656.3. Haidrojeni ya maabara na ya nyotani hazitofautiani, kwa hiyo mstari huo ukionekana mahali pengine, kuna kitu kimeusogeza.

Chukua kundi la galaksi liitwalo Koma, lenye galaksi zaidi ya elfu moja. Mwanga wake ukipitishwa kwenye kifaa cha kuchambua rangi, mstari ule unakutwa karibu na nanomita 671.4. Wimbi limerefuka kwa asilimia 2.3, kwa sababu anga yenyewe imetanuka wakati mwanga ukiwa safarini. Kwa urefukaji mdogo kama huo, unazidisha tu na kasi ya mwanga, kilomita 300,000 kwa sekunde, unapata kwamba Koma inatuacha kwa takriban kilomita 6,900 kila sekunde.

Koma iko umbali wa miaka ya nuru kama milioni 320. Sasa fikiria basi lililo kilomita 160 kutoka stendi, likienda kilomita 80 kwa saa: limetoka saa mbili zilizopita. Fanya hivyo kwa Koma. Mwanga una kasi mara 43.5 ya Koma, kwa hiyo umbali ambao mwanga huumaliza kwa miaka milioni 320, Koma ingeumaliza kwa miaka milioni 320 mara 43.5, yaani karibu bilioni 13.9. Galaksi iliyo mbali mara mbili hukimbia kwa kasi mara mbili, hivyo nayo hutoa jibu lilelile. Hapo ndipo hoja yote inaposimama: zote zinaelekeza kwenye wakati mmoja ambapo vitu vyote vilikuwa vimebanana.

Kusogea kwa mstari hupimwa bila taabu kubwa. Umbali ndio uliowatesa watu. Mwaka 1929 mwanaastronomia Edwin Hubble alilinganisha umbali wa galaksi na kasi zake, nyingi zikiwa zimepimwa na Vesto Slipher, na hesabu yake ilitoa umri wa takriban miaka bilioni 2 tu. Kufikia miaka ya 1940, vipimo vya madini ya urani na risasi kwenye miamba vilikuwa vinaipa Dunia karibu bilioni 3 au zaidi. Dunia haiwezi kuuzidi umri ulimwengu ambamo imo, kwa hiyo kuna kipimo kilichokuwa kimekosewa.

Kosa lilikuwa kwenye nyota ziitwazo Sefeidi, ambazo hung'aa na kufifia kwa mpangilio. Henrietta Leavitt alikuwa amegundua kwamba zenye mzunguko mrefu zaidi ndizo zenye mwanga mkali zaidi. Ukijua ukali halisi wa nyota, jinsi inavyoonekana hafifu kutoka hapa inakuambia iko mbali kiasi gani. Walter Baade, akitumia giza la wakati wa vita jijini Los Angeles kuichunguza galaksi jirani ya Andromeda kwa darubini ya Mlima Wilson, akaja kutambua kwamba nyota hizo ni za aina mbili, na moja ni kali kuliko nyingine. Hubble alikuwa ameona zile kali akizidhania hafifu. Baade alipotangaza hilo mwaka 1952, umbali wa galaksi uliongezeka karibu mara mbili, na umri ukapanda pamoja nao.

Galaksi za jirani nazo hudanganya. Andromeda inatukaribia, kwa sababu mvuto kati yake na galaksi yetu umezidi utanukaji. Hata ndani ya Koma, galaksi moja moja huwa na mwendo wake binafsi, ndiyo maana huchukuliwa wastani wa nyingi.

Tena, basi letu halikwenda kwa kasi moja. Mvuto ulipunguza mwendo wa utanukaji mwanzoni, kisha miaka bilioni kadhaa iliyopita mwendo huo ukaanza kuongezeka. Mambo hayo mawili yanakaribia kufutana, na ndiyo sababu hesabu nyepesi ya Koma haikutupeleka mbali na jibu.

Leo mvutano uliobaki ni mdogo lakini mkaidi. Nuru kongwe iliyopimwa na chombo Planck cha Ulaya inatoa kasi ya utanukaji ya takriban 67, yaani kilomita kwa sekunde kwa kila miaka ya nuru milioni 3.26, na umri wa bilioni 13.8. Sefeidi pamoja na nyota zinazolipuka zinatoa karibu 73, ambayo ingepunguza umri kwa takriban miaka bilioni moja. Wengine walishuku kwamba nyota za jirani zilichanganyika na Sefeidi kwenye picha. Darubini ya James Webb, inayozitenganisha vizuri zaidi, ilipozitazama upya, umbali haukubadilika.