Je, wajua? Ufaulu wa jumla hutegemea nani amefanya mtihani gani

Inawezekanaje shule iongoze kwa ufaulu katika kila somo, halafu kwa ufaulu wa jumla ishindwe na shule ileile iliyoachwa nyuma?

Inawezekana bila mtu yeyote kughushi takwimu, kwa sababu ufaulu wa jumla unaozungumzwa hapa hupatikana kwa kujumlisha karatasi zote za mtihani, na shule mbili hazina idadi sawa ya karatasi katika kila somo.

Tuchukue mfano wa kubuni wa shule mbili za sekondari, moja ya Masasi na nyingine ya Nachingwea, kila moja ikiwa na watahiniwa 100 wa kidato cha nne. Tutazame Kiswahili, ambacho ni somo la lazima, na Fizikia, ambayo mwanafunzi huichagua. Katika Kiswahili, Masasi wamefaulu 95 na Nachingwea 90. Katika Fizikia, Masasi wamefanya mtihani wanafunzi 90 wakafaulu 45, yaani asilimia 50, ilhali Nachingwea wamefanya 10 tu wakafaulu 4, yaani asilimia 40. Masasi inaongoza katika masomo yote mawili. Ukijumlisha, hata hivyo, Masasi ina karatasi 140 zilizofaulu kati ya 190, karibu asilimia 74, na Nachingwea ina 94 kati ya 110, karibu asilimia 85.

Chanzo ni Fizikia, somo lililo gumu kwa shule zote mbili. Karibu nusu ya karatasi za Masasi ni za somo hilo, kwa hiyo wastani wake unavutwa chini sana, wakati Nachingwea Fizikia haifiki hata moja ya kumi ya karatasi zote. Kwa maoni yangu, kumlaumu mkuu wa shule ya Masasi kwa asilimia hiyo 74 ni kumwonea, maana amewafungulia wengi mlango wa sayansi na wanafunzi 45 wametoka na ufaulu wa Fizikia, dhidi ya 4 wa mwenzake.

Ili kulinganisha kwa haki, zipe shule zote mbili mgawanyo mmoja, tuseme karatasi 100 za Kiswahili na 50 za Fizikia, kisha tumia asilimia ya kila shule. Masasi itapata 120 kati ya 150, sawa na asilimia 80, na Nachingwea 110, karibu asilimia 73.

Wanatakwimu huliita jambo hili kitendawili cha Simpson, kwa jina la Edward Simpson aliyekieleza mwaka 1951. Hakitokei kila mahali: wastani wa jumla hauwezi kutoka nje ya asilimia za masomo yenyewe, hivyo kama somo dhaifu kabisa la Masasi lingekuwa juu ya somo bora la Nachingwea, matokeo yasingeweza kugeuka. Mzazi anayesomewa asilimia za jumla kwenye kikao cha shule na aulize kwanza ni wanafunzi wangapi walifanya kila somo.