Samaki na Jinja: maneno mawili yasiyotengana katika sentensi za msimbo

Kwa vijana ninaowaandaa kwa mitihani ya ajira hapa Kampala, swali linalowapotezea alama ni lile ambalo sentensi kadhaa zimeandikwa kwa msimbo na wao wanatakiwa kutaja msimbo wa neno moja. Huu ni mfano niliouandika kwa ajili ya darasa langu:

mvuvi auza samaki Jinja = ka lo mi te
mama anunua samaki Jinja = lo te be su
mvuvi anunua nyavu leo = po ka be ru

Swali: msimbo wa "samaki" ni upi? Wengi hujibu "mi" kwa sababu "samaki" ni neno la tatu katika sentensi ya kwanza, na "mi" nao ni wa tatu. Kwa hesabu hiyo hiyo, sentensi ya pili ingetoa "be", na neno moja haliwezi kuwa na misimbo miwili. Katika maswali ya aina hii mpangilio wa misimbo haufuati mpangilio wa maneno, isipokuwa swali liseme hivyo waziwazi.

Njia ya kweli ni kulinganisha sentensi mbili mbili. Ya kwanza na ya tatu zinashirikiana neno "mvuvi" peke yake, na msimbo wa pamoja ni "ka" peke yake, kwa hiyo mvuvi ni "ka". Ya pili na ya tatu zinatupa anunua, yaani "be". Ya kwanza na ya pili zinashirikiana maneno mawili, samaki na Jinja, na misimbo miwili, "lo" na "te". Hapo ndipo pagumu: jozi tunayo, lakini hatujui upi ni wa nani. Cha ajabu ni kwamba "auza", lililotokea mara moja tu, limeshajulikana, kwani ukiondoa "ka", "lo" na "te" katika sentensi ya kwanza hubaki "mi".

Basi kwa sentensi hizi tatu jibu sahihi ni kwamba msimbo wa samaki haubainiki, na chaguo hilo likiwapo lichaguliwe bila woga. Kinachohitajika ni sentensi yenye mmoja wa wale wawili bila mwenzake:

mama apika samaki leo = ru te su ga

Hapa "te" ipo na "lo" haipo, kwa hiyo samaki ni "te" na Jinja ni "lo".

Kwa wenzangu wanaotunga maswali haya kwa Kiswahili, nawasihi waangalie viambishi. "Anauza" na "wanauza" zina mzizi mmoja, lakini katika msimbo ni maneno mawili tofauti. Ukizichanganya, mtahiniwa makini atakosa neno la pamoja ambalo wewe ulidhani umempa.