Kisukari aina ya 3c: insulini kidogo, na vidonge vya kumeng'enya chakula

Kisukari aina ya 3c ni kisukari kinachoanzia kwenye kongosho lililougua au lililokatwa. Pengine mtu ameishi miaka mingi na uvimbe sugu wa kongosho mpaka nyama ya kiungo hicho ikageuka kovu na kujaa mawe ya chokaa. Pengine madaktari walilazimika kuondoa kichwa cha kongosho, mkia wake au lote. Sukari inapoanza kupanda, na kwa kuwa mgonjwa ni mtu mzima, kadi yake huandikwa "aina ya pili", kisha anashauriwa kama wagonjwa wengine wa aina hiyo: punguza chakula, punguza uzito, na dozi iongezwe kila sukari inapopanda. Kwa huyu, ushauri huo ni hatari.

Sababu inaonekana ukitazama kilichomo ndani ya kongosho. Sehemu kubwa ya kiungo hiki hutengeneza maji ya kumeng'enya chakula: lipasi kwa ajili ya mafuta, amilasi kwa ajili ya wanga, na protisi kwa ajili ya protini. Ndani ya nyama hiyo vimetawanyika visiwa vidogo vya seli, ambavyo Paul Langerhans alivieleza mwaka 1869, na hivyo humwaga homoni kwenye damu. Seli za beta hutoa insulini, inayoshusha sukari. Seli za alfa hutoa glukagoni, inayoliamuru ini liachilie akiba yake ya sukari pale damu inapopungukiwa. Katika kisukari aina ya kwanza, kinga ya mwili huziua seli za beta na kuziacha jirani zake. Kovu halibagui hivyo, wala kisu cha mpasuaji. Insulini inapotea, glukagoni inapotea, na vimeng'enya navyo vinapotea.

Hapo ndipo panapotokea jambo linalowashangaza hata wahudumu wa afya wazoefu: mgonjwa ana sukari ya 17 mmol/L, anadungwa yuniti chache tu za insulini, na baada ya muda mfupi anatokwa jasho na kutetemeka. Misuli yake haijawa sugu kwa insulini kama ya mgonjwa wa kawaida wa aina ya pili. Mara nyingi ni mtu mwembamba, na mwili wake huipokea insulini kwa wepesi. Sukari ikianza kushuka, hakuna glukagoni ya kutosha ya kuisimamisha. Inabaki adrenalini, ambayo husaidia, lakini nguvu yake huchoka kwa mtu anayeshukiwa na sukari mara kwa mara. Ndiyo maana baadhi yao hufika kwenye 2.5 mmol/L bila kuhisi dalili yoyote.

Ini, kwa upande wake, linaweza kwenda kinyume na misuli. Kuna homoni nyingine ya visiwa vile, polipeptidi ya kongosho, inayotoka zaidi kwenye kichwa cha kongosho na inayolisaidia ini kuitikia insulini. Ikikosekana, ini huendelea kumwaga sukari hata pale lisipotakiwa. Kwa hiyo mwili mmoja una misuli inayoitikia insulini upesi na ini linaloichelewesha, na mita ya sukari inaonyesha namba zinazoruka kutoka juu sana hadi chini sana ndani ya siku moja. Mgonjwa hulaumiwa kwamba anakula ovyo au anaruka dozi. Nadhani lawama hiyo ndiyo inayowaumiza watu hawa kuliko sindano zenyewe.

Lakini namba hizo haziruki kwa sababu ya homoni peke yake. Nusu ya maelezo iko tumboni, na ndiyo nusu inayosahaulika. Tuchukue mgonjwa wa kubuni, mwanamume wa miaka 47. Kwa miaka kadhaa ameumwa tumbo la juu, maumivu yakipenya hadi mgongoni na kupungua akiinama mbele. Picha ya CT imeonyesha mawe kwenye kongosho. Uzito wake umeshuka kutoka kilo 68 hadi 54. Alianzishiwa glibenklamidi, dawa ya vidonge ya kushusha sukari, ikashindwa, sasa anadungwa insulini ya mchanganyiko yuniti 18 asubuhi na 10 jioni. Choo chake ni kingi, cheupe-cheupe, kina mng'ao wa mafuta, kinaelea na kinanuka vibaya kuliko kawaida, lakini hajamwambia mtu. Hakuna aliyemuuliza.

Mchana anakula ugali na nyama ya kukaanga. Insulini ya asubuhi inaendelea kufanya kazi, ila ugali ni wanga, na wanga lazima ukatwekatwe na amilasi ndipo uingie kwenye damu kama sukari. Amilasi ya mate hufanya sehemu ndogo. Ya kongosho haipo. Chakula kipo tumboni, damu haikioni. Sukari inashuka hadi 2.8. Anakunywa soda. Sukari ya kwenye soda haihitaji vimeng'enya vya kongosho hata kidogo, kwa kuwa ukuta wa utumbo mdogo una kimeng'enya chake cha kuivunja, kwa hiyo inaingia yote, haraka. Akiogopa, anaongeza chupa ya pili. Jioni mita inasoma 17, na kliniki inayoona namba hiyo moja inaongeza insulini. Usiku wa manane anaokotwa sakafuni akiwa hajitambui.

Dawa ya hali hii haianzii kwenye insulini. Inaanzia kwenye vimeng'enya. Pankreatini ni vidonge vya kapsuli vyenye chembechembe za lipasi, amilasi na protisi, na nguvu yake hupimwa kwa yuniti za lipasi. Mtu mzima huanza kwa kawaida na yuniti 40,000 hadi 50,000 kwa kila mlo mkubwa na nusu yake kwa kitafunwa, kisha dozi hupandishwa kulingana na choo na uzito. Kwa mgonjwa wetu ni kapsuli mbili za 25,000 kwa mlo. Ya kwanza humezwa na tonge za mwanzo, ya pili katikati ya chakula, ili dawa ichanganyike na chakula chenyewe. Ikimezwa nusu saa kabla au baada ya kula, imepotea bure. Isitafunwe, wala isimezwe kwa chai ya moto, kwa sababu ganda la chembechembe limetengenezwa kupita kwenye asidi ya tumbo na kufunguka kwenye utumbo mdogo. Asiyeweza kumeza kapsuli anaweza kuifungua na kunyunyiza kwenye kijiko cha mtindi, akameza mara moja. Joto huiua: ihifadhiwe chini ya nyuzi 25, jambo linalohitaji mpango maalumu kwa anayeishi Mombasa au Dar es Salaam. Kama choo hakibadiliki ingawa dozi inatosha na inamezwa kwa wakati, daktari huongeza dawa ya kupunguza asidi kama omeprazoli.

Jambo moja lisemwe wazi kwa wasomaji Waislamu. Pankreatini inayotumika hospitalini hutokana na kongosho la nguruwe. Wapo wanaogundua hilo kwenye karatasi ya dawa na kuacha kimyakimya, kisha uzito unaporomoka na kliniki haijui kwa nini. Wanazuoni wengi huiruhusu kwa hukumu ya dharura pale isipopatikana mbadala. Zungumza na sheikh unayemwamini, na mwambie daktari unachoamua, kwa sababu dozi ya insulini inategemea uamuzi huo.

Inategemea kwa namna hii. Vimeng'enya vikianza kufanya kazi, ugali ule ule sasa unaingia kwenye damu, na sukari baada ya kula itapanda kuliko mwanzo. Watu huogopa na kusema dawa mpya imeharibu kisukari. La, chakula kimefika kilikopaswa kufika. Mgonjwa wetu anaondolewa kwenye insulini ya mchanganyiko na kuanza chini, karibu yuniti 0.3 kwa kilo kwa siku, yaani 16: saba za insulini ya muda mrefu na tatu za insulini ya haraka kwa kila mlo. Kwa siku kadhaa anapima kabla ya kula, saa mbili baada ya kula, wakati wa kulala, na mara chache saa tisa usiku. Uzito unapoanza kurudi na vipimo vya baada ya kula vikibaki juu, dozi za mlo hupanda yuniti moja moja hadi nne au tano. Ile ya muda mrefu haiguswi mpaka vipimo vya usiku viwe salama. Na siku aliyosahau kapsuli, au anayeharisha, au asiyejua kama atamaliza sahani, dozi ya mlo hupunguzwa au hudungwa baada ya kula.

Sukari ikishuka chini ya 4, anachokunywa ni glukosi au vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari kwenye maji, apime tena baada ya dakika 15. Mkate, uji na ugali havitafika kwa wakati bila vimeng'enya. Pombe ni hatari ya aina ya pekee hapa: hulizuia ini kutengeneza sukari mpya, na ini la mnywaji au la mtu aliyekonda lina akiba ndogo, kiasi kwamba hata sindano ya glukagoni ya dharura inaweza kushindwa kumwamsha.

Kumtambua mgonjwa huyu si kugumu kwa anayejua kuuliza. Picha huonyesha kongosho lenye kovu, mawe au pengo la upasuaji. Kingamwili za aina ya kwanza hazipo. Na kipimo cha elastasi, kimeng'enya cha kongosho, kwenye kinyesi kiko chini ya mikrogramu 200 kwa gramu, chini ya 100 ikiwa hali ni kali. Choo cha mafuta hakisubiriwi kama sharti, kwa sababu hujitokeza kongosho likiwa limepoteza karibu asilimia 90 ya vimeng'enya vyake. Pale kipimo kisipopatikana, historia ya kongosho pamoja na uzito unaoshuka vinatosha kujaribu vimeng'enya na kuangalia matokeo. Na mtu wa zaidi ya miaka 50 anayepata kisukari ghafla huku akikonda, bila historia yoyote ya kongosho, apigwe picha mapema, kwa sababu saratani ya kongosho huanza hivyo wakati mwingine.

Metifomini inaweza kutosha pale kisukari kikiwa chepesi na tumbo limetulia. Dawa za kisukari za kundi la GLP-1 huepukwa kwa aliyewahi kuugua uvimbe wa kongosho. Mafuta kwenye chakula hayakatazwi; mgonjwa aliyekonda anayahitaji, mradi yasindikizwe na kapsuli. Kila mwaka apimwe vitamini zinazosafiri na mafuta, yaani A, D, E na K, na mifupa yake ikaguliwe, kwani baadhi yao huvunjika nyonga au uti wa mgongo kabla ya uzee kwa ukosefu wa vitamini D ambao hakuna aliyeutafuta.