Kwa nini nembo za wadhamini zenye kimo sawa hazionekani sawa?

"Naandaa slaidi ya wadhamini wa mkutano wa wafanyabiashara wa mawese na dagaa hapa Kigoma. Nembo zote nimezipa kimo kimoja na nafasi kati yake nimeziacha kompyuta igawe, lakini katibu anasema nyingine zinaonekana kubwa kuliko zenzake na nyingine zimebanana. Kwa nini? Na nikitaka kuzigawa kwa madaraja nifanyeje?"

Katibu yuko sahihi, na kompyuta nayo haijakosea. Jicho halipimi kimo, linapima eneo. Chukua nembo mbili, ya kwanza ya mraba, ya pili jina refu la kampuni ambalo upana wake ni mara nne ya kimo chake. Ukizipa zote kimo cha sentimita 3, ya mraba inakuwa 3 kwa 3, yaani sentimita za mraba 9. Ile ndefu inakuwa 12 kwa 3, yaani 36. Mdhamini wa pili amepewa mara nne ya wa kwanza, na pengine wote wamechanga sawa. Kuzipa upana sawa hakusaidii, kunageuza tu anayeonewa: kwa upana wa sentimita 6 nembo ya mraba inabeba 36 na ile ndefu inabaki na 9.

Kwa hiyo kinacholinganishwa ndani ya daraja moja ni eneo. Gawanya upana wa nembo kwa kimo chake, upate uwiano. Kisha chagua eneo la daraja zima, na kimo cha kila nembo kinapatikana hivi:

```
kimo = √(eneo ÷ uwiano)
```

Tuseme eneo la daraja ni sentimita za mraba 16. Nembo ya mraba ina uwiano wa 1, kwa hiyo inakuwa 4 kwa 4. Ile ndefu yenye uwiano wa 4: 16 gawanya kwa 4 ni 4, kipeuo chake cha pili ni 2, basi kimo ni 2 na upana ni 8. Ziweke sasa mbele ya katibu, hatalalamika. Kwenye PowerPoint hakikisha alama ya "Lock aspect ratio" imewekwa, halafu andika kimo peke yake. Upana utajifuata wenyewe. Anayeburuta nembo kwa kishale cha pembeni huishia na nembo iliyopondeka, na mwenye nembo hilo ndilo analoliona kwanza.

Madaraja nayo yafuate eneo. Kosa linaloonekana sana ni kumpa mdhamini mkuu "mara mbili" ya anayemfuata kwa kuongeza upana mara mbili. Eneo hapo limeongezeka mara nne, na walio chini wanabaki kama vifungo vya shati. Kipimo kinachokaa vizuri kwa madaraja matatu ni kila daraja kuwa na theluthi mbili ya vipimo vya daraja la juu yake. Nembo iliyo 9 kwa 4 juu ingekuwa 6 kwa 2.7 katikati, na 4 kwa 1.8 chini. Maeneo yake ni takriban 36, 16 na 7. Tofauti inaonekana hata kwa aliyekaa nyuma, na bado wa chini anasomeka.

Turudi kwenye mkutano wa mawese na dagaa. Slaidi pana ya PowerPoint ina upana wa sentimita 33.87 na kimo cha 19.05. Tuseme mdhamini mkuu ni benki, nembo yake 9 kwa 4. Daraja la pili lina kampuni ya boti yenye jina refu (8 kwa 2), kiwanda cha mawese chenye nembo ya mraba (4 kwa 4) na kampuni ya simu (6 kwa 2.7). Daraja la tatu lina watano: redio na hoteli zenye miraba ya 2.7, duka la vifaa vya uvuvi lenye nembo ndefu ya 5.3 kwa 1.3, kiwanda cha sabuni 4 kwa 1.8, na chama cha wauza dagaa ambacho nembo yake ni duara. Duara halijazi boksi lake, linachukua asilimia 78.5 tu na pembe nne zinabaki tupu. Ndiyo maana chama hiki kipewe 3 kwa 3, si 2.7 kama majirani zake wa mraba.

Hesabu ya kimo: nembo ndefu kwenda juu kuliko zote katika kila safu ni 4, 4 na 3, jumla 11. Ukiacha pambizo ya 1.5 juu na 1.5 chini, zinabaki kama sentimita 5 za maandishi na nafasi. Kichwa kikubwa cha "Tunawashukuru wadhamini wetu" hakina mahali hapo, na kwa maoni yetu hakihitajiki, mshereheshaji atalisema hilo kwa mdomo. Weka maandishi madogo ya pointi 16 juu ya kila safu: Mdhamini mkuu, Wadhamini, Washirika. Kila andiko na pumzi yake ya chini vichukue kama 0.8, na juu ya andiko la pili na la tatu iachwe 1.3. Andiko likae karibu na safu yake kuliko safu iliyo juu yake, la sivyo msomaji anadhani kiwanda cha mawese ndicho mshirika.

Sasa nafasi za pembeni, ambako watu wengi ndiko wanakoharibu. Nafasi kati ya nembo na nembo ndani ya safu lazima iwe ndogo kuliko nafasi kati ya safu na safu. Hapa kati ya safu kuna 2.1, kwa hiyo pembeni tumeacha 1.5. Ukivuta kila safu iguse pambizo zote mbili ili "ijae", safu ya watatu itakuwa na mianya ya zaidi ya sentimita 6 na ya watano mianya ya 3.3. Jicho litaanza kuunganisha nembo kwenda chini badala ya kwenda pembeni, na madaraja yote yatavunjika. Acha safu ziwe na urefu tofauti, zikae katikati. Safu ya pili hapa ina 8 na 4 na 6, ni 18, jumlisha mianya miwili ya 1.5, inakuwa 21. Ya tatu ni 17.7 jumlisha mianya minne, inakuwa 23.7.

Mwanya hupimwa kutoka ukingo hadi ukingo, si kutoka katikati hadi katikati. Anayetumia jedwali la vyumba vitatu vilivyo sawa amepima katikati bila kujua. Vyumba vya upana wa 8.5 vitaacha 2.5 kati ya boti na mawese, lakini 3.5 kati ya mawese na simu. Huko ndiko kubanana alikokuona katibu, kama nembo ziliwekwa kwenye jedwali. Amri ya "Distribute Horizontally" (Home, Arrange, Align) inapima kingo, kwa hiyo ndiyo ya kutumia. Haizisogezi nembo mbili za mwisho, inapanga zilizo kati yake tu. Kabla ya kuiita, ziweke za mwisho mahali pake: safu ya urefu wa 21 inaanza sentimita 6.4 kutoka kushoto, na nembo ya simu, yenye upana wa 6, inaanza 21.4. Namba hizi huandikwa kwenye "Horizontal position". Kisha chagua zote tatu, hakikisha "Align Selected Objects" ndiyo yenye alama ya tiki (ikiwa ni "Align to Slide" vipimo vitafuata slaidi nzima, si safu yako), piga "Align Middle", halafu Distribute. Kwa wanaotumia LibreOffice Impress, chaguo la kugawa linaloendana na hili ni "Spacing"; "Center" litakurudisha kwenye tatizo la jedwali.

Ikiwa umefanya yote haya na bado mianya haiko sawa, bofya kila nembo utazame fremu yake. Mara nyingi faili limekuja na weupe pembeni. Tuseme faili la kiwanda cha mawese lina weupe wa nusu sentimita kila upande. Kompyuta inahesabu 4 kwa 4, lakini kinachoonekana ni 3 kwa 3. Eneo limeshuka kutoka 16 hadi 9, na mianya ya kulia na kushoto imekuwa 2 badala ya 1.5. Kosa moja limezaa malalamiko mawili. Kata weupe kwa "Crop" hadi ukingo wa rangi, na ufanye hivyo kabla ya hesabu yoyote, maana ukikata baadaye uwiano unabadilika na unaanza upya.

Baada ya namba, jicho lipewe neno la mwisho. Sogea hatua kadhaa kutoka kwenye skrini, finya macho mpaka maandishi yapotee ubaki na mabaka tu. Ndani ya safu moja pasiwe na baka linalokurukia. Nembo iliyojaa rangi nzito, kama boksi la kijani lenye maandishi meupe ndani, huonekana nzito kuliko ile ya mistari myembamba. Nzito ipunguze asilimia 5 hadi 10 ya vipimo. Usizidi hapo: asilimia 10 ya upana ni karibu 20 ya eneo, na ukiendelea utakuwa umemshusha daraja.

Nembo za Kigoma, kama za kwingine, nyingi hufika kwa WhatsApp zikiwa zimeminywa. Mwambie mtumaji atume kama "Document", si kama picha. Kwenye skrini ya pikseli 1920, sentimita 9 za benki ni pikseli 510, kwa hiyo faili la pikseli 300 litaonekana na ukungu. JPEG yenye boksi jeupe haina shida kwenye slaidi nyeupe. Ukilazimisha mandhari ya bluu ya ziwa, utahitaji PNG isiyo na mandhari kwa kila mdhamini, na kwa kawaida wawili watatu hawatakuwa nayo.

Mdhamini wa sita wa daraja la tatu akijitokeza usiku wa kuamkia mkutano, anaingia. Mwenye nembo ya upana wa 4 anaifikisha safu 29.2, na slaidi ina 30.87 ndani ya pambizo. Wa saba hatoshei, na usimminye peke yake wala kuiminya safu ile pekee. Igawe iwe safu mbili, wanne juu na watatu chini, kwa mwanya wa 1.5, kisha zifunge nembo zote za slaidi pamoja kwa Ctrl+G na upunguze kundi hadi kama asilimia 78. Uwiano wa madaraja unabaki ulivyokuwa. Maandishi ya pointi 16 hayatapungua pamoja na picha, basi yasogeze kwa mkono yasipande juu ya nembo.