Barua ya idhini si barua ya chifu

Hapa Nakuru, na hata huko Kisumu na Kakamega, imekuwa kawaida mtu kufika ofisini kuchukua pesa au cheti cha mwenzake akiwa ameshika barua ya chifu, na kuiita barua ya idhini. Karani akimkatalia, anaona amedharauliwa. Barua ina mhuri, ina nembo ya serikali, chifu mwenyewe ameitia sahihi, sasa kinachokosekana ni nini?

Kinachokosekana ni mwenye mali. Barua ya idhini ni maandishi ambayo mwenye haki anayatoa ili mtu mwingine afanye jambo fulani kwa niaba yake. Chifu hana haki juu ya pesa zako za maziwa wala cheti cha mtoto wako, kwa hivyo hawezi kumpa mtu ruhusa ya kuvichukua. Anachoweza kusema ni kwamba anamfahamu huyu, ni mkaaji wa lokesheni yake, ni mtoto wa fulani. Huo ni utambulisho, na una kazi zake: unasaidia kijana anayetafuta kitambulisho cha kwanza, na mahakamani unaonyesha marehemu ameacha kina nani. Hata hivyo, kujulikana kwamba wewe ni mtoto wa mzee fulani hakumaanishi kwamba mzee huyo amekutuma.

Tuanze na majina, maana hapo ndipo barua nyingi huharibika mapema. Kwa Wakikuyu wa Njoro na Molo, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la baba ya baba yake. Ndugu watatu wakizaa, kila mmoja ana mvulana mwenye jina la babu yule yule, na binamu hao wote wanaishi kwenye kilima kimoja. Kwa Wajaluo, mvulana aliyezaliwa usiku ni Otieno, na usiku haujawahi kuzaa mtoto mmoja. Barua inayosema "nimemtuma Otieno" haijamtaja mtu yeyote. Ndiyo maana tunataka majina yote ya mtoaji na ya anayetumwa jinsi yalivyo kwenye kitambulisho, pamoja na nambari ya kitambulisho ya kila mmoja. Angalia vizuri hapo, kwa sababu kadi ina nambari mbili. Ile inayoitwa Serial Number ni ya kadi yenyewe, na ukipoteza kadi ukapewa nyingine hubadilika. Nambari ya kitambulisho ndiyo yako, nayo haibadiliki. Wengi hunakili ile ya kadi, halafu karani akilinganisha na faili anaona namba ya mtu asiyemjua.

Anayetumwa aje na kitambulisho chake halisi na nakala ya kile cha aliyemtuma. Karani makini naye atampigia mtoaji kwa nambari ya simu iliyo kwenye faili yake ofisini. Asipige ile iliyoandikwa kwenye barua. Aliyeghushi barua hashindwi kuandika simu ya rafiki yake anayengoja kupokea.

Sasa tuje kwenye mipaka ya ruhusa, ambako watu hupata hasara bila hata kuibiwa na mgeni. Chukua mfano wa mama mmoja anayepeleka maziwa kwenye chama cha ushirika. Amelazwa hospitalini, na maziwa ya Februari yanalipwa Machi. Anamwandikia mpwa wake: "Namruhusu mpwa wangu anishughulikie mambo yangu ya maziwa." Ni maneno ya upendo na ya kuaminiana. Lakini mambo ya maziwa ni yapi? Mpwa anapokea malipo ya lita 412 kwa Sh50, yaani Sh20,600, na anampelekea shangazi yake zote. Kisha anapita kwenye duka la chama, anaonyesha barua ile ile, anachukua magunia 4 ya chakula cha ng'ombe kwa mkopo, kila moja Sh2,800. Anawalisha ng'ombe wake mwenyewe, akinuia kulipa. Mwezi unaofuata mama anakuta Sh11,200 zimekatwa kwenye maziwa yake. Akilalamika, chama kinamwonyesha sahihi yake. Mkopo wa duka unakatwa kwenye maziwa, kwa hivyo nao ni jambo la maziwa.

Kuchukua, kutia sahihi ya kupokea, kukopa, na kubadilisha akaunti ya malipo ni vitendo vinne tofauti, na ruhusa ya kimoja haibebi vingine. Barua ya mama yule ingefaa kusomeka hivi: "Namruhusu achukue malipo ya maziwa niliyopeleka Februari 2025 peke yake, na kutia sahihi ya kuyapokea kwa niaba yangu. Sijamruhusu kuchukua bidhaa kwa mkopo wala kubadilisha chochote kwenye akaunti yangu." Sentensi hiyo ya pili watu huona aibu kuiandika, wakidhani inamtukana ndugu. Kwa kweli inamlinda, kwa sababu pesa zikikosekana baadaye itajulikana mara moja ni kipi alichotumwa na ni kipi hakuhusika nacho. Kwa stakabadhi ni vivyo hivyo: taja hati yenyewe, na nambari yake kama unayo. Usiandike "hati zangu", maana kwenye faili moja kunaweza kuwa na cheti, risiti na hati ya shamba.

Tarehe ya mwisho ndiyo inayopingwa kuliko yote. Mtu husema barua itakwisha kazi ikikwisha. Ni nani atakayemwambia karani kwamba kazi imekwisha? Barua isiyo na tarehe huonekana halali Machi, na Septemba pia. Mama akipona, wakakosana na mpwa, atasema "nilishamkataza". Lakini alimkataza nyumbani. Kisheria, ofisi iliyoonyeshwa barua yako na ikalipa kwa nia njema, bila kuarifiwa kwamba umeiondoa ruhusa, huwa na hoja nzito ya kusema imekulipa wewe. Kwa hivyo andika mwanzo na mwisho: "kuanzia 3 Machi hadi 14 Machi 2025, kwa mara moja tu." Siku hizo kumi na mbili zinatosha hata malipo yakichelewa kidogo. Barua halisi ibaki ofisini ikiwa imeandikwa "imetumika", aliyetumwa asiondoke nayo.

Kuna mwisho mmoja ambao hauhitaji kuandikwa. Mtoaji akifa, idhini yake imekufa siku hiyo hiyo, hata kama tarehe ya kwenye barua haijafika. Mali yake sasa iko chini ya Sheria ya Mirathi, na anayeweza kuidai ni msimamizi aliyeidhinishwa na mahakama. Kifungu cha 45 cha sheria hiyo kinamfanya mkosaji yeyote anayeingilia mali ya marehemu bila mamlaka. Nasikitika kila mara ninapomwona mtoto aliyefiwa akija na barua ambayo mzazi aliiandika akiwa kitandani, akiamini kwamba maneno ya marehemu yana uzito zaidi. Karani anayeikataa hamvunjii heshima mzazi huyo. Atakuelekeza kwenye mahakama ya Nakuru au Kisumu ukaanze maombi ya mirathi, na hapo ndipo pa kwenda.