Maswali na majibu: Ni bangi imemchanganya au ni ugonjwa wa akili wenyewe?

Nesi, kijana wetu anaongea peke yake na anavuta bangi. Si ni bangi tu hiyo, ikimtoka mwilini atakaa sawa?

Inawezekana, ila ukiwa hapo nyumbani huna namna ya kujua, na hata mimi nikimwona siku ya kwanza siwezi kukuapia. Mlete. Hili swali naulizwa kila siku, na kila siku anayeniuliza ameshasubiri miezi miwili, mitatu, kijana amekonda, halali, kashapigana na majirani, ndo analetwa wakati hali imekuwa mbaya kabisa. Kadiri mtu anavyokaa muda mrefu bila matibabu ndivyo anavyochelewa kurudi kwenye hali yake, na wengine hawarudi walivyokuwa. Kwa hiyo akianza kusikia sauti zisizokuwepo, au anang'ang'ania kwamba kuna watu wanamfuatilia wakati hakuna, iwe anavuta iwe havuti, mlete wiki hiyo hiyo.

Kwani saikosisi ni nini?

Ni hali ya akili kupoteza mguso na ukweli. Mtu anasikia au anaona visivyokuwepo, anaamini mambo yasiyo kweli na huwezi kumtoa hapo kwa maneno, mazungumzo yanaruka ruka. Ni hali tu, kama homa, jina la ugonjwa linakuja baadaye. Ikiletwa na kilevi tunaiita saikosisi ya kilevi. Isipoletwa na kilevi wala ugonjwa mwingine wa mwili, tunawaza ugonjwa wa akili wenyewe, yaani skizofrenia na ndugu zake.

Sasa nyie mnatofautishaje kama wote wanaonekana sawa?

Kwa tarehe. Kweli kabisa, kazi kubwa hapa ni kupanga tarehe: alianza lini kutumia, alianza lini kubadilika, mara ya mwisho katumia lini. Na sitaki mtu mmoja anijibu, nataka yule anayelala naye chumba kimoja.

Niwape kisa, vitu vingine nimebadilisha asijulikane. Kijana wa miaka 22 kaletwa na mama yake na dada yake. Mama anasema tatizo lina wiki tatu, tangu aanze kupiga kelele usiku, na bangi kaanza mwishoni mwa mwaka jana. Ukiishia hapo unaandika bangi unafunga faili. Nikamgeukia dada mtu, akasema hapana mama, mbona mwanzoni mwa mwaka jana aliacha mpira, akaacha kupokea simu za rafiki zake, chuo akawa haendi, na alikuwa anaziba tundu la ufunguo kwa karatasi, ukiitoa anaweka nyingine. Umeona? Mabadiliko yameitangulia bangi miezi mingi tu. Kijana mwenyewe nilipomuuliza kwa upole kwa nini anavuta, akasema sauti zinapungua usiku. Kwa huyo bangi ilikuja juu ya ugonjwa, halafu ikauchochea.

Tukaangalia na akili yenyewe. Anajua yuko wapi, anajua tarehe, anataja miezi kurudi nyuma bila kukosea, kwa hiyo fahamu iko sawa. Homa hana, kichwa hakugonga. Mkojo ulionyesha bangi. Siku ile kwenye faili tuliandika saikosisi ya mara ya kwanza, chanzo kinachunguzwa, basi. Akaanza dawa ya saikosisi, risperidoni, miligramu 1 usiku, ikapanda taratibu mpaka 3. Wiki ya kwanza kelele zikaisha, usingizi ukarudi, mama akataka kuondoka naye kwamba kapona. Lakini kijana alikuwa bado anasikia sauti mbili zinabishana kuhusu yeye. Wiki ya tano, hajagusa bangi, mkojo msafi, sauti bado zipo kwa mbali, uso hauonyeshi furaha wala huzuni, haogi mpaka aambiwe. Sauti zimevuka mwezi bila kilevi, na mabadiliko yote ukiyajumlisha yamevuka miezi sita. Hapo ndo tukaandika skizofrenia.

Kitanda cha pili yake alikuwepo mwingine, huyo wa methamfetamini, kilevi cha kuchangamsha. Alikesha usiku nne mfululizo, akaja anaamini polisi wako darini na kuna wadudu wanatembea chini ya ngozi, mikono yote ina michubuko ya kujikuna. Kabla ya hapo alikuwa kazini kama kawaida, ndugu wote wanasema hivyo hivyo, hakuna aliyeona dalili yoyote ya nyuma. Siku za kwanza alilala tu, wiki ya pili anajicheka mwenyewe kuhusu hao polisi. Huyo ni saikosisi ya kilevi: imeanza ghafla wakati wa kutumia, ya kuona na kuhisi vitu mwilini ilikuwa kubwa kuliko ya kusikia, ikaondoka ndani ya mwezi baada ya kuacha. Lakini hata yeye hakupewa kwaheri, nitaeleza chini.

Si mpime tu mkojo mjue moja kwa moja?

Mkojo unaniambia katumia, hauniambii kwamba hicho alichotumia ndo kimemfanya hivi. Mtu wa skizofrenia naye anavuta, tena sana. Halafu kila kitu kina muda wake: methamfetamini na kokeini hukaa kwenye mkojo siku chache tu, bangi kwa mtu anayevuta kila siku inaweza kuonekana hata mwezi mzima baada ya kuacha. Bangi za kutengenezwa maabara kipimo cha kawaida hakizioni kabisa. Kwa hiyo mkojo msafi haumaanishi hajatumia, na mkojo mchafu haumaanishi tumepata jibu. Tunapima, ila tarehe za dada mtu zina uzito kuliko hicho kikaratasi.

Tuliambiwa lazima apite mwezi bila kutumia ndo ijulikane. Kwa hiyo tukae naye nyumbani mwezi kwanza?

Hapana hapana hapana. Huu mwezi mnaupokea vibaya sana na unatuumiza. Mwezi ni wa sisi kusubiri jina la ugonjwa, na wakati huo mgonjwa yuko kwenye dawa, analala, anakula, anaangaliwa na mtu anayejua anachoangalia. Dawa hatusubiri jina. Mtu anayesikia sauti inayomwambia aruke dirishani haulizi kama imetoka kwenye bangi au wapi, ataruka tu. Mkimfungia chumbani mwezi mzima mnaongeza hofu kwa mtu ambaye tayari anaamini mna njama naye, halafu mkimleta hamna hata tarehe za kunipa maana hamjui kama alikuwa anachungulia dirishani kuletewa msokoto.

Kwa hiyo nasema tena, mwezi unahesabiwa akiwa kwenye matibabu.

Mume wangu kaacha pombe siku tatu zilizopita, sasa anaona wadudu ukutani, anatetemeka, anatoka jasho. Tusubiri imtoke?

Acha kusoma mpeleke hospitali sasa hivi, usiku huu huu. Mnywaji wa kila siku akiacha ghafla, kati ya siku ya pili na ya nne anaweza kuchanganyikiwa, mapigo yanakwenda mbio, presha inapanda, homa, hajui yuko wapi, na degedege inaweza kumpata hata kabla ya hapo. Hii inaua. Na tofauti yake na zile nilizoeleza juu ni fahamu: huyu dakika hii anakujibu vizuri, dakika ijayo anakuita jina la mtu mwingine. Anahitaji dawa za kutuliza za kundi la diazepamu, sindano ya vitamini B1, na mtu wa kukaa naye. Msimpe pombe ili atulie, na msimwache alale peke yake. Fahamu ikiwa inapotea na kurudi, kwa kilevi chochote au bila kilevi, ni dharura.

Ametulia sasa. Kliniki tuje mara ngapi, na dawa tuache lini?

Akitoka wodini nataka kumwona ndani ya siku 7, maana hapo ndo wengi wanarudi kwenye kijiwe na ndo wengi wanaacha dawa. Kisha wiki ya pili, kisha wiki ya nne. Ya wiki ya nne msiikose hata mkiwa na msiba, samahani kusema hivyo, ila ndo siku ya kukaa na zile tarehe upya na kuamua kama jina linabadilika. Baada ya hapo kila mwezi mpaka itimie miezi mitatu, halafu akifikisha miezi sita, halafu kila miezi mitatu mpaka miaka miwili itimie, ikiwezekana mitatu.

Najua mtauliza, kama ni kilevi tu na kimeisha, miaka miwili ya nini? Kwa sababu kati ya watu wanne waliopewa jina la saikosisi ya kilevi, kama mmoja hivi baadaye hugundulika ana skizofrenia, na ikiwa kilevi chenyewe kilikuwa bangi inakaribia mmoja kati ya watatu. Sehemu kubwa inajitokeza miaka ya mwanzo. Ndo maana yule wa methamfetamini bado anakuja.

Kila mkija naangalia usingizi, sauti, kama karudi kazini au chuo, mkojo, uzito na presha. Sukari na mafuta kwenye damu tunapima mwanzoni na tena baada ya miezi mitatu kwa sababu baadhi ya hizi dawa zinanenepesha. Shingo ikikakamaa upande mmoja au macho yakageukia juu yakaganda, hasa aliyechomwa haloperidoli, dawa nyingine ya saikosisi, msianze kusema dawa imemharibu mkaitupa, rudini siku hiyo hiyo, kuna dawa ya kulegeza na inafanya kazi haraka.

Kuhusu kuacha: saikosisi ya kilevi ikiisha kabisa tunapunguza dozi taratibu ndani ya wiki au miezi tukiwa tunamwona. Skizofrenia ya mara ya kwanza tunazungumzia angalau mwaka mmoja hadi miwili baada ya kutulia. Kuacha kwa sababu "hasikii tena sauti" ndo kosa ninaloliona kuliko yote. Hazisikii kwa sababu anameza.

Akivuta kidogo tu wikiendi, moja?

Hapana. Kichwa kilichoshapata saikosisi mara moja kinahitaji kidogo kuliko mwanzo ili kirudi kule kule. Na akivuta, msimfiche wala msimtukane, njooni mniambie lini na kiasi gani, ile tarehe naihitaji. Asipolala usiku mbili mfululizo, akianza tena kuziba matundu au kuzima simu za watu wote, msingoje siku ya kliniki.