Uko Kisauni, tovuti yasema Nairobi

Mama mmoja wa Kisauni, hapa Mombasa, anayeoka keki alinijia dukani na simu mkononi, amefura. "Mwanangu, hebu nitazamie. Nataka maboksi ya keki, tovuti yanipigia bei ya kuleta mzigo Nairobi. Location nimewasha, nikazima, nikawasha tena."

Dhana: ukiwasha Location, kila tovuti itajua ulipo.

Tovuti ile haikuiuliza simu yake chochote. Kama ingeuliza, kivinjari kingetoa kidirisha cha kuomba ruhusa, naye hakukiona. Ilitazama tu anwani ya IP, yaani namba ya mtandao ambayo ombi lake lilifika nayo, kisha ikaitafuta kwenye hifadhidata ya kampuni kama MaxMind, ambazo kazi yao ni kukisia kila fungu la anwani linatumika wapi.

Narudia: kukisia. Anwani za Afrika hugawiwa na AFRINIC, yenye makao Mauritius, na daftari lake huandika nani kapewa fungu lipi. Halisemi mteja yuko mtaa gani. Ndiyo maana nchi hupatikana sawa mara nyingi kuliko mji.

Nilifungua mipangilio ya simu ya yule mama. Anwani ilianza na 100.80, ambayo imo katika fungu la 100.64.0.0 hadi 100.127.255.255, lililotengwa kwa matumizi ya ndani ya mitandao ya watoa huduma. Tovuti ya kuonyesha IP ilitoa nyingine kabisa. Hiyo ya pili ndiyo anayotokea nayo duniani, akiichangia na wateja wengine wengi kwa wakati mmoja. Mnara wa Kisauni hupeleka data hadi kwenye lango la kampuni ya simu, na lango likiwa Nairobi, au fungu lenyewe likiwa limeandikwa Nairobi, basi nawe ni mtu wa Nairobi.

Dhana: nyaya za baharini zinatua Mombasa, kwa hiyo mtandao wetu lazima usomeke Mombasa.

Hii vijana wa hapa huipenda, na ina utamu wake. Kweli waya wa TEAMS kutoka Fujairah ulitua hapa 2009. Lakini waya ni barabara tu. Lori likipita Changamwe haliwi la Changamwe.

Dhana: futa kuki, au fungua dirisha la faragha.

Hayo huondoa mji ambao tovuti iliukumbuka tangu ulipoingia mara ya mwisho. Anwani ya IP hubaki ile ile, na jibu pia.

Dhana: kivinjari kikipewa ruhusa hakikosei.

Hapa ndipo watu hutegwa. Simu ina GPS, lakini kompyuta nyingi za mezani na za mkononi hazina. Kivinjari hutaja ruta za Wi-Fi zinazosikika jirani, na huduma ya mahali hulinganisha namba zake za utambulisho na kumbukumbu ya mahali ziliposikika hapo awali.

Ofisi moja ya kupakua mizigo ilihamia Shimanzi kutoka Nairobi na ruta zake tatu. Kompyuta zikasisitiza ziko Nairobi. Nilifungua konsoli ya kivinjari nikaandika:

```
navigator.geolocation.getCurrentPosition(
  p => console.log(p.coords.latitude, p.coords.longitude, p.coords.accuracy))
```

Ikatoka latitudo -1.29, na usahihi wa mita 35. Mombasa iko karibu na -4.05. Angalia hiyo 35: mashine ilikuwa na uhakika wa mita chache huku imekosea zaidi ya kilomita 400. Ingekuwa imekisia kwa IP, duara lingekuwa la kilomita nyingi. Duara dogo mahali pasipo penyewe hunielekeza kwenye ruta zilizohamishwa. Walitembea na simu zenye GPS wazi ofisini, siku zikapita, kumbukumbu ikasahihika.

VPN isingewasaidia. Hiyo hubadilisha anwani ya IP peke yake; ruta za jirani na GPS husema yaleyale. Hata saa ya kompyuta haina msaada, kwa maana Kenya nzima husomeka `Africa/Nairobi` na hakuna jina la Mombasa katika orodha ya kanda za saa.

Kwa yule mama wa keki sikubadilisha kitu kwenye simu. Nilibonyeza jina la mji juu ya ukurasa, nikachagua Mombasa, nikamwambia aingie kwenye akaunti yake ahifadhi anwani ya kupelekewa mzigo, kwa sababu tovuti ile huiangalia kabla ya IP. "Basi hiyo bei ya Nairobi?" Ikashuka palepale, tukaiona wote wawili.